Kitanda cha Mninga Kibiti: Laki Tano na Themanini Inakwenda Wapi?

Ukitaka kuchongesha kitanda cha mninga cha futi 5 kwa 6 hapa Kibiti, pita karakana tatu na utarudi na bei tatu. Mmoja atakutajia laki nne. Wa pili atasema laki tano na themanini. Wa tatu ataanzia laki saba, kisha aongeze kuwa maelewano yapo. Wateja wengi humkimbilia wa laki nne, wakatoa kianzio siku hiyohiyo.

Usikimbilie. Bei ya samani ya oda inaweza kuhesabiwa kwa kalamu na karatasi, na mnunuzi anayejua hesabu hiyo hababaiki na bei ya juu wala hadanganyiki na bei ya chini. Hapa tunaipiga hesabu yote kwa kitanda kimoja, kuanzia ubao mpaka gati la Nyamisati.

Bei zilizomo humu ni za mfano, kwa karakana ndogo yenye fundi mmoja na msaidizi mmoja. Mbao hupanda na kushuka, kwa hiyo ingiza bei utakazoambiwa wiki hii. Mpangilio wa hesabu haubadiliki: vifaa, saa za kazi, gharama za kuendesha karakana, halafu faida.

Vifaa: unalipia ubao ulionunuliwa, si uliotumika

Fundi akikuambia mbao za kitanda ni laki mbili na arobaini, usimwone mwizi kwa sababu umepima kitanda ukaona mbao chache. Mbao ngumu mara nyingi huuzwa kwa vipande vifupi, na kitanda hakikatwi sawasawa na urefu wa kipande.

Tuchukue vipande vya futi 7. Kitanda hiki kinahitaji mbavu mbili za 2 kwa 6, kila moja futi 6 na nusu. Hapo vipande viwili vinatosha na upotevu ni mdogo. Ubao mpana wa 1 kwa 12 unaojaza kichwani na miguuni unahitajika mara tatu kwa futi 5, maana yake vipande vitatu, na kila kimoja kinabakiza futi 2 ambazo haziunganishiki.

Mbao za 2 kwa 4 ndizo zinazoonyesha akili ya fundi. Zinahitajika fito tatu za kukingama za futi 5, miguu miwili ya kichwani ya futi 4, na miguu miwili ya chini ya futi 2. Fundi makini hukata miguu ya chini kutoka kwenye mabaki ya fito, na vipande vitano vinamaliza kazi. Fundi asiyepanga hukata kimoja baada ya kingine mpaka anafika kipande cha sita, na cha sita kinaingia kwenye bei yako.

Kwa mfano wetu, 2 kwa 4 ni sh. 19,000 kwa kipande, 2 kwa 6 ni sh. 28,000, na 1 kwa 12 ni sh. 30,000. Vipande vyote kumi vinagharimu sh. 241,000. Zaidi ya moja ya tano ya mbao hiyo itaishia kuwa mabaki. Ni gharama halali, ila una haki ya kuuliza: "Fundi, vipande vinavyobaki ni vya nani?" Mabaki ya mninga hutoa stuli ndogo au fremu ya kioo. Mkikubaliana mapema, hayo ni yako.

Chaga hazina haja ya kuwa mninga, kwa kuwa zinafunikwa na godoro. Mbao za paini za 1 kwa 4 zenye futi 12 hutoa chaga mbili kila moja, hivyo vipande vitano vinatoa chaga kumi. Ongeza ubao mmoja wa 2 kwa 4 wa kupita katikati. Jumla sh. 35,000.

Kisha kuna vidogovidogo ambavyo wengi husahau: gundi, skrubu, vyuma vya kufungia mbavu, msasa, sila, vanishi na thina. Hapa ni sh. 60,000. Mwisho, karakana nyingi ndogo hazina randa ya mashine. Mbao hupelekwa kwa mwenye mashine na kulipiwa kwa kipande, tuseme sh. 1,500, na mkokoteni wa kuzibeba ni sh. 9,000. Jumla sh. 24,000.

Vifaa vyote, pamoja na randa na mkokoteni, vimefika sh. 360,000. Fundi bado hajashika msumeno.

Saa za kazi: siku ya saa nane haina saa nane

Watu wengi wanapohesabu ufundi huuliza fundi anataka shilingi ngapi kwa siku, kisha wanakisia siku. Ni afadhali kuhesabu saa, kwa sababu siku ya karakana ina mambo mengi: umeme kukatika, mteja kupita kuulizia oda yake, safari ya duka la vifaa, chakula na sala. Katika saa nane, saa sita za kazi yenyewe ni nyingi.

Kwa hiyo fundi anayelipwa sh. 24,000 kwa siku anagharimu sh. 4,000 kwa saa ya kazi. Ukigawa kwa nane utapata sh. 3,000, na pengo hilo la sh. 1,000 kila saa atalifidia mahali pengine. Msaidizi wa sh. 12,000 kwa siku anagharimu sh. 2,000 kwa saa.

Kitanda kisicho na nakshi, chenye maungo ya ulimi na tundu badala ya misumari, tukikadirie saa 26. Kupima na kukata kunachukua kama saa 3. Kuchonga maungo ndiyo kazi kubwa, kama saa 10. Kuunganisha na kubana saa 4, kupiga msasa saa 6, na kupaka sila na vanishi kwa awamu saa 3. Msasa, upakaji na saa moja ya kubana ni kazi ya msaidizi, hivyo tumpe fundi saa 16 na msaidizi saa 10. Fundi anapata sh. 64,000, msaidizi sh. 20,000. Jumla ya ufundi ni sh. 84,000.

Hapa ndipo nakshi inapouma. Maua ya kuchonga kwenye ubao wa kichwani hayaongezi mbao hata kidogo, yanaongeza saa. Nakshi ya saa 12 ni sh. 48,000 za fundi, na bado kuna gharama za karakana kwa saa hizo 12 na faida juu yake. Utaona hapa chini kuwa maua hayo yanakaribia sh. 80,000. Kama fedha ni chache, punguza maua, usipunguze mninga.

Gharama za karakana: hesabu inayorukwa na mafundi wengi

Muulize fundi faida yake ni ngapi katika kitanda na mara nyingi atakujibu kwa kutoa mbao na kibarua kwenye bei. Amesahau pango, umeme, mlinzi, kunoa misumeno, leseni, vocha, na mashine inayozeeka. Gharama hizi hazionekani ndani ya kitanda chochote, lakini hakuna kitanda kitakachotengenezwa bila hizo.

Namna ya kuzigawa ni rahisi. Jumlisha gharama za mwezi, kisha ugawe kwa saa za kazi zinazouzwa katika mwezi wa kawaida. Karakana yetu ya mfano inalipa pango sh. 60,000, umeme sh. 40,000, mlinzi sh. 80,000, kunoa na matengenezo sh. 35,000, leseni na ushuru sh. 25,000, simu na safari sh. 20,000. Vifaa vya umeme vilivyonunuliwa sh. 2,400,000 vikitarajiwa kudumu miaka mitano, kila mwezi vinakula sh. 40,000. Jumla ni sh. 300,000.

Saa je? Watu wawili kwa siku 24, saa sita kila siku, ni saa 288. Lakini hakuna karakana inayouza saa zote. Kuna siku za kusubiri oda na siku za kurekebisha kazi iliyorudi. Tuseme zinazouzwa ni saa 200. Laki tatu kwa saa 200 ni sh. 1,500 kwa saa. Hicho ndicho kiwango cha gharama za karakana, na kitanda chetu cha saa 26 kinabeba sh. 39,000.

Kuna mtego hapa wa kuujua. Mwezi ambao kazi ni chache, saa zinazouzwa zinaweza kushuka mpaka 120. Fundi akigawa upya atapata sh. 2,500 kwa saa, na kitanda kilekile kitabebeshwa sh. 65,000. Ukikuta karakana haina wateja na bei imepanda, inawezekana unalipia siku ambazo fundi alikaa bure. Kiwango sahihi hupangwa kwa mwaka mzima, msimu mzuri ukabeba mbaya. Mnunuzi anayeagiza wakati kazi ni chache anastahili punguzo dogo, na fundi mwenye akili atalitoa, kwa sababu oda hiyo inamsaidia kulipa pango ambalo angelilipa hata kama hukuja.

Faida na bei ya kuuzia

Sasa tukusanye:

- Vifaa, randa na mkokoteni: sh. 360,000
- Ufundi, saa 26: sh. 84,000
- Gharama za karakana, saa 26 kwa sh. 1,500: sh. 39,000
- Jumla ya gharama: sh. 483,000

Juu ya hapo fundi anaweka faida. Faida si mshahara wake. Mshahara umeshaingia kwenye saa. Faida ni ya kukuza mtaji, kununua mbao mapema zikauke, na kurudia kazi ikiharibika. Tuweke asilimia 20.

Jihadharini nyote wawili, mnunuzi na muuzaji: asilimia 20 ya nini? Ukiongeza asilimia 20 juu ya gharama, faida ni sh. 96,600 na bei ni sh. 579,600. Fundi anayetaka asilimia 20 ya bei yenyewe hugawa sh. 483,000 kwa 0.8 na kupata sh. 603,750. Wote wawili watakuambia faida yao ni asilimia 20, na tofauti ni zaidi ya sh. 24,000. Uliza faida inahesabiwa juu ya gharama au juu ya bei. Sisi tunachukua hesabu ya kwanza na kusema laki tano na themanini.

Na yale maua? Saa 12 za fundi ni sh. 48,000, karakana sh. 18,000, jumla sh. 66,000. Weka faida ya asilimia 20 inakuwa sh. 79,200.

Wa laki nne anapata wapi?

Rudi kwa yule wa laki nne. Akinunua vifaa vyote vya sh. 360,000, anabaki na sh. 40,000 za kulipa saa 26 za watu wawili, pango na mlinzi. Haiwezekani. Hivyo lazima moja kati ya mambo manne litokee.

La kwanza, mbao ni mbichi. Mbao mbichi ni ya bei ndogo kwa sababu hakuna aliyeihifadhi miezi ikauke. Itakauka chumbani kwako: maungo yatalegea, ubao mpana utapinda au kupasuka, na kitanda kitaanza kulia kila unapogeuka. Kuijua si kazi ngumu. Omba kipande kidogo cha mabaki, kipime kwenye mzani wa dukani, kiweke juu ya dari ya jikoni kwa wiki moja, kisha kipime tena. Kikipungua uzito kwa kiasi kikubwa, mbao hiyo bado ina maji.

La pili, mbao ni ya pembeni mwa gogo. Kiini cha mninga kina rangi ya kahawia, wakati mwingine yenye wekundu, na mchwa hawakipendi. Sehemu ya nje iliyo chini ya gome ni nyeupe kuelekea manjano, na wadudu huitoboa mpaka ukaona unga sakafuni. Baada ya kupakwa rangi ya kahawia zote mbili hufanana. Ndiyo maana mkubaliane kwamba utaiona kazi kabla haijapakwa chochote. Fundi anayekataa sharti hilo amekujibu tayari.

La tatu, ubao ni mwembamba. Ubao wa inchi 2 ukipigwa randa hupungua, na inchi 1 na robo tatu ni ya kawaida. Ukipima ukakuta inchi 1 na robo, ulilipia 2 na hukupewa.

La nne ndilo linalowaumiza wengi: kianzio chako kinamalizia oda ya mtu mwingine. Bei ya chini ilikuwa ya kukuvuta wewe ili yule wa mwezi uliopita apate kabati lake. Wewe utasubiri mpaka apatikane mteja mwingine.

Je, ununue kingine kabisa?

Kabla ya kuamua, linganisha mninga na njia nyingine zinazopatikana hapa.

*Paini.* Kitanda kilekile, fundi yuleyule. Mbao za paini huja kwa futi 12, hivyo upotevu wa 2 kwa 4 hupungua na vipande vitatu vinatosha. Kwa bei za mfano, mbao za fremu ni sh. 96,000, chaga sh. 35,000, vidogovidogo sh. 60,000, randa na mkokoteni sh. 20,000. Paini ni laini, saa zinashuka mpaka 20, yaani ufundi sh. 64,000 na karakana sh. 30,000. Gharama ni sh. 305,000, na kwa faida ileile bei ni sh. 366,000.

Angalia jambo moja. Mbao za fremu zimeshuka kwa asilimia 60, lakini bei ya kitanda imeshuka kwa zaidi kidogo tu ya theluthi. Vanishi, vyuma, msasa na saa nyingi hubaki palepale. Fundi akikuambia kitanda cha paini ni nusu ya cha mninga kwa kazi ileile, kuna kitu amekiruka. Paini inafaa kwa chumba cha watoto, nyumba ya kupanga, au mtu anayejua atahama. Chagua iliyotiwa dawa, na usiiache ikigusa sakafu ya udongo, maana mchwa hawataichelewesha.

*Mkongo.* Mti huu unapatikana ukanda huu, na kuna wakati bei ya kipande huwa chini ya mninga. Ni mgumu, mzito, na unadumu sana. Tatizo liko kwenye saa: unakula makali ya patasi na msumeno, na maungo yake yanachukua muda zaidi. Saa sita za fundi zikiongezeka ni sh. 24,000 za ufundi na sh. 9,000 za karakana, na ukiweka faida ni karibu sh. 40,000. Kama mkongo hauokoi zaidi ya sh. 33,000 kwenye mbao, hujafaidi kitu. Na uzito wake utaukumbuka siku ya kusafirisha.

*Kitanda cha bodi kutoka Dar es Salaam.* Kinang'aa na hakina kusubiri. Lakini bodi ya vumbi la mbao lililoshindiliwa kwa gundi huvimba ikinyonya maji, na skrubu ikishatoka kwenye tundu lake hairudi kukaza. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliingia nyumba nyingi za Rufiji na Kibiti. Mbao ya mninga iliyolowa inaweza kuanikwa kivulini, ikapigwa msasa na kupakwa tena. Bodi iliyovimba ni ya kutupa. Kama nyumba yako iko bondeni, usinunue kitanda cha bodi hata kikiwa cha mnada.

*Mbao za mikoko.* Ukiwa delta utaambiwa kuna mkomafi wa bei poa. Mkomafi ni mbao nzuri, lakini mikoko ya delta ya Rufiji ni msitu wa hifadhi wa serikali, na kuvuna kunahitaji kibali. Mbao isiyo na karatasi za Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, inaweza kukamatwa njiani, na hasara itakuwa yako.

*Mbao zako mwenyewe.* Wapo wanaoleta mninga kutoka shambani na kumlipa fundi ufundi tu. Hesabu yake ni hii: toa sh. 241,000 za mbao kwenye gharama, zinabaki sh. 242,000. Na faida, bei ya haki ni sh. 290,400. Umeokoa sh. 289,200. Kwa hiyo kama kupasua, kusafirisha na kukata karatasi za mbao zako kutazidi kiasi hicho, nunua tu za fundi. Andikeni pia nani anabeba hasara ubao ukipasuka wakati wa kazi. Mbao zikiwa zako, mafundi wengi huchukulia kuwa hasara nayo ni yako.

Gharama zinazojitokeza njiani

Bei ya karakana inaishia mlangoni mwa karakana. Kwa mnunuzi wa Kibiti mjini, guta linatosha. Kwa mnunuzi wa visiwa vya delta safari ni ndefu: Kibiti, Bungu, kisha Nyamisati, na hapo mzigo unaingia mashua.

Tuseme kirikuu mpaka Nyamisati ni sh. 50,000, wapagazi sh. 5,000 na mashua sh. 15,000. Ni sh. 70,000, sawa na asilimia 12 ya bei ya kitanda. Hapo bado hujahesabu maji. Mashua za delta hufuata kujaa na kupwa, na mzigo ukifika gatini maji yameshatoka, utalala Nyamisati na kitanda chako. Ulizia saa ya maji kabla ya kukodi gari, na shirikianeni wawili au watatu kwenye kirikuu kimoja.

Agiza kitanda cha kufungua, mbavu zikishikwa na vyuma, si cha kugongelea moja kwa moja. Mwambie fundi aweke namba kwenye kila ungo, na ufungue na kufunga mwenyewe mara moja mbele yake. Vinginevyo utalipa nauli yake na siku yake nzima aje kukaza bolti nane.

Angalia na haya. Godoro halimo kwenye bei isipokuwa limetajwa. Fundi asiyesajiliwa kwa VAT hana ruhusa ya kukuongezea kodi hiyo. Na ukibadili mchoro baada ya mbao kukatwa, utalipa mbao mpya, kwa haki kabisa.

Kianzio: toa kiasi gani?

Wengi hushikilia nusu kwa nusu. Nusu ya laki tano na themanini ni sh. 290,000, na vifaa ni sh. 360,000. Sh. 70,000 zinazopungua fundi atazikopa kwenye oda nyingine, na hapo ndipo ucheleweshaji unapoanzia. Fundi anayeomba asilimia 60 hajakuonea. Anaomba karibu fedha yote ya vifaa.

Ila usiitoe yote mkononi siku ya kwanza. Nenda naye kwenye mbao, lipia zile sh. 241,000 mwenyewe, chukua risiti, na weka alama yako kwenye ncha ya kila kipande. Toa fedha ya chaga, randa na vidogovidogo mbao zinapoingia karakana. Lipa sehemu ya ufundi kitanda kikisimama kabla ya kupakwa, baada ya kukikagua. Bakiza angalau sh. 100,000 mpaka siku ya kuchukua.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni kwenye karatasi moja aina ya mbao, vipimo baada ya randa, idadi ya chaga, bei, tarehe, na nani anabeba usafiri. Wote wawili mtie saini, kila mmoja abaki na nakala au picha kwenye simu.

Uamuzi wetu

Kwa anayejenga maisha mahali pamoja, kitanda cha mninga kisicho na nakshi, chenye chaga za paini na mbavu za kufungua, kwa bei kati ya sh. 560,000 na 600,000 kwenye mfano huu, ndicho chenye thamani ya fedha. Mwenye laki tatu na sabini achukue paini iliyotiwa dawa, aridhike, na asikubali kuuziwa "mninga" kwa bei hiyo. Bodi waachie walio mahali pakavu na wanaotaka kitanda leo.

Ukifika kwa fundi wa laki tano na themanini, usianze na "punguza". Mwombe akutajie vipande vya mbao, saa za kazi, na kiwango chake cha karakana kwa saa. Akiweza kukutajia yote matatu, mpe kazi. Akishindwa, bei yake ni ya kubahatisha, hata ikiwa ndogo.